Usingizi wa Mkimbiaji wa Kidato cha Pili

Mwalimu wa michezo anajua mazoezi aliyompangia mwanafunzi wake. Mwalimu wa hisabati anajua maswali aliyompa. Mama anajua ndoo na vyombo vinavyosubiri jioni. Anayeyabeba yote matatu kwa pamoja ni mtoto mwenyewe, na kwa kuwa hakuna mtu mzima anayekaa chini kumjumlishia, kinachopunguzwa kila siku ni usingizi.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 15, kidato cha pili katika shule ya kutwa, anayekimbia mita 1500 na kutamani kuchaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA. Anaamka saa kumi alfajiri, anakimbia mpaka saa kumi na moja, anachota maji, anafagia uwanja, anaoga, anakunywa chai. Saa kumi na mbili yuko njiani, na mwendo wa kwenda shuleni kwa miguu ni dakika 50. Masomo yanaisha saa tisa alasiri, mazoezi yanaanza saa tisa na nusu na kumalizika saa kumi na moja jioni. Akifika nyumbani karibu saa kumi na mbili, anawasha moto, anapika, anamwogesha mdogo wake. Wanakula saa mbili na nusu, anaosha vyombo, na daftari linafunguliwa saa tatu usiku. Anapojilaza ni saa tano na robo. Kesho yake saa kumi alfajiri yuko macho tena.

Hizo ni saa 4 na dakika 45 za usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Hata tukimhesabia saa 8 tu, kuanzia usiku wa Jumatatu mpaka wa Ijumaa amekosa saa 16 na ushei, yaani usiku mbili nzima ndani ya juma moja la shule.

Jibu la haraka la wazazi wengi ni kwamba alale mapema. Hapo ndipo mwili wa kijana unapowashangaza watu. Mtoto anapobalehe, saa ya ndani ya mwili inasogea mbele. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa, mara nyingi kwa saa 1 au 2 kuliko ilivyokuwa alipokuwa darasa la nne. Mpeleke kitandani saa mbili usiku na atageuka-geuka macho makavu, hata kama amechoka. Si ukaidi, na asubuhi anapoamshwa kwa kutikiswa si uvivu. Kwa mkimbiaji wetu, usingizi unaweza kusogezwa hadi karibu saa nne usiku, lakini si mapema zaidi ya hapo bila kupigana na mwili wake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya saa anazozihitaji lazima itafutwe upande wa alfajiri, na upande huo ndio makocha wengi wanaoupenda kuliko wote.

Usingizi wenyewe hauko sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Theluthi ya kwanza ya usiku ina usingizi mzito, na humo ndimo homoni ya ukuaji inapomwagika kwa wingi, ile inayosaidia mifupa kurefuka na misuli iliyochanika-chanika mazoezini kujengwa upya. Theluthi ya mwisho, kuelekea mapambazuko, ina usingizi mwepesi na wa ndoto kwa sehemu kubwa. Huo ndio unaosaidia kichwa kuhifadhi mwendo uliofundishwa jana uwanjani, na kutuliza hisia pia. Anayeamshwa saa kumi alfajiri kila siku ananyang'anywa hasa kipande hiki cha mwisho. Anaweza kuwa na miguu inayokwenda huku akili imezubaa, anakosea kuanza mbio, anakaripiwa kidogo tu machozi yanamtoka, na somo alilolisoma mpaka saa tano usiku halipo kichwani saa nne asubuhi.

Halafu kuna majeraha. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wanamichezo 112 wa shule moja jijini Los Angeles. Waliokuwa wakilala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 wa wale waliolala saa 8 au zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kukosa usingizi pekee ndiko kulikowaumiza, maana anayelala kidogo huenda pia ana mengine yanayomwelemea. Lakini mwalimu anayeona wanariadha wake wakichechemea kila muhula angefanya vyema kuuliza wanalala saa ngapi kabla hajauliza wanavaa viatu gani.

Sasa turudi kwenye ratiba ya msichana wetu, tuipange upya bila kumfukuza uwanjani wala jikoni.

Cha kwanza kuondoka ni mbio za alfajiri za siku za shule. Najua jambo hili litapingwa, kwa sababu alfajiri ina heshima yake katika riadha yetu na wakubwa wengi wamekulia humo. Ila mkimbiaji wa kulipwa kambini anaamka alfajiri kisha anarudi kulala mchana. Mwanafunzi anaamka alfajiri kisha anakaa darasani mpaka saa tisa. Isitoshe, huyu anatembea dakika 100 kila siku kwenda na kurudi shuleni, kazi ya miguu ambayo haimo kwenye daftari la kocha yeyote. Mbio ndefu zihamie Jumamosi saa moja asubuhi, akiwa ameshiba usingizi. Mazoezi magumu, yale ya mita 400 kwa kurudia-rudia, yawe Jumanne na Alhamisi ili katikati kuwe na kama saa 48 za misuli kujirudi. Jumatatu na Jumatano akimbie taratibu, kasi ya kuweza kuongea na mwenzake. Ijumaa arudi nyumbani moja kwa moja, na Jumapili asikimbie kabisa.

Cha pili ni maji. Maji ya asubuhi yachotwe jioni, na ayachote kaka yake. Naandika hivi makusudi. Katika nyumba nyingi mvulana mwanamichezo akitoka uwanjani hupumzika, na msichana mwanamichezo akitoka uwanjani hupika. Miili yote miwili imechoka sawa. Mzazi anayetaka binti yake akimbie inambidi agawe upya kazi za nyumbani kwa majina na siku, maana kumwonea huruma kwa maneno hakumwongezei hata dakika moja kitandani. Maharage yalowekwe tangu usiku na kuchemshwa ya siku mbili kwa mpigo, jioni ibaki kazi ya kuunga na kusonga ugali.

Cha tatu ni kazi za shule. Ile nusu saa kati ya saa tisa na saa tisa na nusu, ambayo wanafunzi huimaliza wakipiga soga kabla ya mazoezi, itumike kwa somo gumu zaidi la siku hiyo, mwanga wa jua ukiwapo na mwalimu akiwa karibu kuulizwa. Kinachobaki usiku kiwe cha kusoma na kurudia.

Kwa mabadiliko hayo chakula cha jioni kinaliwa saa mbili, vyombo anaosha mwingine, daftari linafunguliwa saa mbili na nusu na kufungwa saa tatu na nusu. Simu, kama ipo, inabaki chumba cha wazazi. Chai ya rangi iishie alasiri, kwa sababu kafeini ya kikombe cha saa tatu usiku inaweza kuwa bado nusu yake imo mwilini saa nane usiku. Saa nne usingizi umemchukua, na anaamka saa kumi na moja na robo. Hizo ni saa 7 na robo. Akipata dakika 20 za kuinamia dawati wakati wa mapumziko ya mchana, na Ijumaa na Jumamosi akalala saa 9, anakaribia kiwango chake. Saa 8 kamili kila usiku hazijapatikana, ila ameongeza saa 2 na nusu kwa siku, na hakuna dawa ya duka wala kinywaji cha kuongeza nguvu kinachoweza kumpa hayo.

Mzazi atajuaje kwamba deni la usingizi limekuwa kubwa? Angalia mwisho wa juma. Kijana akiachwa bila kuamshwa akapitiliza zaidi ya saa 2 kupita muda wake wa kawaida, juma lilikuwa na upungufu. Kipimo kingine ni mapigo ya moyo. Akiamka, kabla hajainuka kitandani, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, ahesabu kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili, kisha aandike. Baada ya wiki mbili atajua kawaida yake. Yakipanda kwa mapigo 7 au zaidi kwa siku tatu mfululizo, na mbio zilezile zikionekana nzito kuliko zamani, mwili haujarudi. Apunguze mazoezi, asiyaongeze, ingawa kijana anayeona muda wake unadorora hukimbilia kuongeza.

Usingizi hautibu kila uchovu. Malaria huanza hivyo, na upungufu wa damu huwapata hasa wasichana wanaokimbia. Chakula kidogo kuliko kazi ya mwili nacho huchosha. Anayetoka mazoezini saa kumi na moja na kula saa mbili amekaa muda mrefu mno na tumbo tupu, kwa hiyo kiazi kitamu kilichochemshwa au ndizi na karanga zikae kwenye mkoba wake tangu asubuhi. Msichana aliyekuwa akipata hedhi zake, zikakatika miezi mitatu, apelekwe kituo cha afya. Uvimbe wenye maumivu kwenye kifupa kilicho chini kidogo ya goti, wakati kijana anarefuka kwa kasi, nao ni wa kuonyeshwa kwa mganga badala ya kuchuliwa na kurudishwa uwanjani.

Likija shindano lenyewe, kutakuwa na safari ndefu ya basi, kulala wengi katika bweni la wenyeji na kelele za usiku kucha. Usiku mmoja mbaya kabla ya mbio hauharibu maandalizi ya miezi kwa kiasi ambacho vijana wanahofia. Ufumbuzi uko wiki iliyotangulia. Wachezaji 11 wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walijitahidi kukaa kitandani saa 10 kila usiku kwa wiki 5 hadi 7, na mwishoni walikimbia kwa kasi zaidi na kufunga mipira mingi zaidi. Lilikuwa kundi dogo, lisilo na wengine wa kulinganishwa nao, lakini linaelekea kulekule. Mwalimu wa timu apunguze mazoezi siku saba kabla ya safari, aombe walimu wenzake wasitoe majaribio wiki hiyo, na aongee na wazazi ili jioni za wiki hiyo kazi za nyumbani zishikwe na wengine.