Kupima Kasi Halisi ya Waya kati ya Kompyuta Mbili kwa iperf3

1. Tatizo lenyewe

Nyumba moja ya Kimwani, wilayani Muleba, ina kompyuta mbili zilizounganishwa kwa kebo kwenye ruta. Faili la video lenye gigabaiti 4.5 linachukua zaidi ya dakika 6 kunakiliwa kutoka kompyuta A kwenda kompyuta B. Lebo za kompyuta zote mbili na ya ruta zinaonyesha kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde. Wenye nyumba wanailaumu ruta na wanataka kununua nyingine. Je, ruta ndiyo inayobana?

Kunakili faili hakutoshi kujibu swali hili. Faili linaposafiri, linasomwa kwenye diski ya A, linapita kwenye kebo ya kwanza, ruta na kebo ya pili, kisha linaandikwa kwenye diski ya B. Sehemu yoyote kati ya hizo inaweza kuchelewesha safari nzima. Vipimo vya kasi vya kwenye tovuti navyo havifai hapa, kwa kuwa hupima pia mtandao wa kampuni ya simu.

Programu ya iperf3 huondoa mambo hayo. Kompyuta moja hutengeneza data kwenye kumbukumbu yake na kuituma. Nyingine huipokea, huihesabu na kuitupa. Diski haiguswi, na intaneti haihitajiki, hivyo kipimo kinafanyika hata bando likiwa limekwisha.

2. Kipimo cha kwanza: bila ruta

Ili kujua mchango wa ruta, lazima kwanza tujue kompyuta zenyewe zinaweza nini. Chomeka kebo moja moja kwa moja kutoka A hadi B. Zima waifai kwenye kompyuta zote mbili, la sivyo data inaweza kupita hewani nawe ukadhani unapima waya. Kwa kuwa ruta haipo kugawa anwani, zipe mwenyewe: A iwe 192.168.50.1 na B iwe 192.168.50.2, zote zikiwa na kinyago 255.255.255.0.

Kwenye A, washa upande wa kupokea, yaani seva:

```
iperf3 -s
```

Kwenye B, washa upande wa kutuma kwa sekunde 30:

```
iperf3 -c 192.168.50.1 -t 30
```

Ukiona ujumbe `unable to connect to server`, hakikisha kwanza kuwa seva inaendelea kufanya kazi na kuwa anwani ni sahihi. Kisha angalia kama kinga ya mtandao kwenye A imezuia poti 5201, ambayo ndiyo iperf3 huitumia.

Kipimo kikimalizika, soma mstari wenye neno `receiver`, kwa sababu huo unaeleza kilichofika kweli. Katika mfano wetu ulisomeka:

```
0.00-30.00 sec  3.29 GBytes  941 Mbits/sec  receiver
```

Rudia amri ya B ukiongeza `-R` mwishoni, ili A itume na B ipokee. Baadhi ya hitilafu hujitokeza upande mmoja tu.

3. Kwa nini 941 na si 1,000?

Hii si dalili ya ubovu. Kila pakiti ya data hubeba maelezo ya njia, kama vile anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na kati ya pakiti na pakiti kuna nafasi ndogo. Kwa kawaida, kati ya kila baiti 1,538 zinazotumia muda wa waya, data yenyewe ni baiti 1,448. Basi:

1,448 ÷ 1,538 × 1,000 = 941 (takriban)

Kompyuta isiyoweka alama ya muda kwenye pakiti hubeba baiti 1,460, na hupata takriban 949. Kwa hesabu hiyohiyo, waya wa megabiti 100 hutoa takriban 94. Kumbuka namba hizi mbili, 94 na 941. Matokeo yaliyo karibu sana na 94 huonyesha kuwa mahali fulani njiani kiungo kimeshuka hadi megabiti 100.

4. Kipimo cha pili: kupitia ruta

Rudisha kebo kwenye matundu ya ruta yenye lebo LAN, na uache anwani zilezile. Rudia amri. Safari hii matokeo ni:

```
0.00-30.00 sec  337 MBytes  94.1 Mbits/sec  receiver
```

Hapa watahiniwa wengi watahitimisha kuwa ruta ndiyo mbovu. Lakini tazama kilichobadilika. Katika kipimo cha kwanza tulitumia kebo moja. Katika cha pili tumeongeza vitu viwili: ruta na kebo ya pili. Hatuwezi kumhukumu mmoja kabla ya kuwatenganisha.

Fungua maelezo ya kadi ya mtandao kwenye kila kompyuta usome kasi ya kiungo. A inaonyesha 1,000. B inaonyesha 100. Sasa badilishana kebo: ya A ipeleke B, na ya B ipeleke A, bila kubadilisha matundu ya ruta. Ikiwa 100 itabaki kwa B, shaka iko kwenye tundu la ruta au kwenye tundu la B. Ikiwa itahamia kwa A, kosa ni la kebo.

Katika mfano wetu ilihamia kwa A. Kebo ya pili ilipobadilishwa, kipimo kupitia ruta kilitoa 940. Ruta haikuwa na kosa.

Sababu yake ni hii. Kebo ina nyaya 8, yaani jozi 4. Kasi ya megabiti 1,000 huhitaji jozi zote 4, lakini kasi ya megabiti 100 huhitaji jozi 2 tu, zilizo kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Waya mmoja ukikatika kwenye jozi nyingine, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea kufanya kazi.

5. Mpaka wa kipimo hiki

Data kati ya matundu ya LAN hupita kwenye swichi iliyo ndani ya ruta. Haipiti sehemu inayopeleka data kwenye intaneti. Kwa hiyo tumeondoa shaka kwenye swichi tu. Kuipima sehemu ile nyingine, kompyuta yenye seva huwekwa kwenye tundu la WAN, nyingine ikibaki LAN.

6. Swali la kujipima

Kokotoa muda wa kunakili faili la gigabaiti 4.5 kwa (a) megabiti 94 na (b) megabiti 941 kwa sekunde.

*Jibu:* Gigabaiti 4.5 = megabaiti 4,500. Kila baiti ni biti 8, hivyo 4,500 × 8 = megabiti 36,000.

(a) 36,000 ÷ 94 = sekunde 383, yaani dakika 6 na sekunde 23.

(b) 36,000 ÷ 941 = sekunde 38.

Angalizo: jibu (b) huhitaji diski inayoweza kuandika takriban megabaiti 118 kila sekunde. Ikiwa iperf3 inatoa 941 na faili bado linachelewa, chunguza diski, si waya.