Kiwanja cha nyumbani, jina la nani? Tuliyoyapata kwenye webina ya ardhi

Kwanza shukrani. Wakili wa ardhi aliyejiunga nasi kutoka Dar es Salaam alikaa mpaka saa sita usiku kwa saa za nyumbani akijibu maswali, na Mzee wetu mpima ardhi mstaafu alituonyesha ramani za upimaji kwa uvumilivu wa mwalimu. Wanakamati wa jumuiya yetu huku Uingereza ndio walioandaa yote, pamoja na kijana aliyekuwa akisoma maswali ya kina mama ambao vipaza sauti vyao viligoma. Asanteni sana. Wengi mlikuwa kazini Jumamosi ile na mmeomba maelezo, kwa hiyo naandika yale niliyoona yana uzito zaidi.

Wakili alianza na swali ambalo hatukulitarajia: pasipoti yako ni ya nchi gani? Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania aliyetimiza miaka 18 na kuchukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine anapoteza uraia wa Tanzania. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ukiunganisha sheria hizo mbili unapata hali inayowauma wengi wetu: umezaliwa Moshi, wazazi wamezikwa Moshi, lakini mbele ya sheria ya ardhi ulihesabiwa sawa na Mreno. Kibali cha kudumu cha ukaazi hakina tatizo hilo. Mwenye kibali bado ni Mtanzania kamili na ananunua kiwanja kama mtu wa Temeke.

Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko ya Sheria ya Uhamiaji na ya Ardhi yanayoweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na milango ya ardhi ikaanza kufunguka kwa njia hiyo. Wakili alisisitiza jambo moja: hadhi hiyo inaombwa na inatolewa kwa masharti, haikuangukii tu kwa sababu bibi yako ni wa Bukoba. Mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye hajaipata hadhi hiyo asianze kulipia kiwanja kwa kudhani ameshaipata.

Kisha akatupa mkasa mmoja na kubaki nao karibu saa nzima, na nadhani alifanya vyema. Majina na mahali alivibadilisha, nami nimeongeza tahadhari hiyo. Muuguzi mmoja, raia wa Tanzania anayefanya kazi Uingereza, alitaka kiwanja Kigamboni. Kaka yake yuko Dar, ni mtu mwaminifu, anasali na kufunga, na hakuna aliyemtilia shaka. Dada akatuma pesa kwa awamu, zikafika shilingi milioni 28. Kaka akatafuta kiwanja, akaelewana na muuzaji, akasaini mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akapewa nakala ya ofa. Mkataba uliandikwa kwa jina lake yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo na ndiye aliyekuwa na kitambulisho mkononi. Wote walikubaliana kwamba "tutabadilisha baadaye." Miaka mitatu baadaye kaka akafariki kwa ajali.

Hapo hakuna aliyeiba. Lakini kiwanja kikaingia kwenye mirathi ya marehemu, maana karatasi zilikuwa na jina lake. Wifi alipoteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi akakiorodhesha pamoja na mali nyingine za mumewe, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa alichokiona mbele yake. Ana watoto watatu wa kusomesha. Dada alichobaki nacho ni risiti za kutuma pesa na ujumbe wa simu ambamo kaka anasema "kiwanja chako nimeshakipata, dada." Wakili alisema ushahidi huo unaweza kufaa mahakamani, hasa ule ujumbe, lakini kesi yenyewe ni kumshtaki mjane wa kaka yako. Mashauri ya kudai ardhi yana kikomo cha miaka 12, kwa hiyo hata kunyamaza ili kuilinda familia kuna mwisho wake.

Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa webina nzima. Tunapozungumza habari za ardhi nyumbani tunawaza matapeli, na matapeli wapo. Ila wakili anasema mafaili mengi yanayomfikia kutoka kwa watu wa diaspora hayana tapeli ndani yake. Yana ndugu waaminifu na jina lisilo sahihi kwenye karatasi.

Ingefanyikaje basi? Dada angesaini hati ya uwakilishi wa kisheria akiwa huku huku, mbele ya mthibitishaji wa hati au ofisa wa ubalozi, na kaka angenunua kwa jina la dada. Hati hiyo isiwe ya jumla. Wakili alitusomea mfano wa ile mbaya, inayosema "kufanya lolote kuhusu mali zangu zote nchini Tanzania," na kwa sentensi hiyo mtu anaweza kuuza nyumba yako bila kuvunja sheria yoyote. Iliyo nzuri inataja kiwanja kwa namba na kitalu, inataja kazi zinazoruhusiwa (kununua, kusaini fomu za uhamisho, kulipa ada, kupokea hati kwa niaba yako), inasema wazi kwamba haimruhusu kuuza wala kuweka rehani, na ina tarehe ya mwisho. Ikifika nyumbani ilipiwe ushuru wa stempu na isajiliwe kwa Msajili wa Hati, la sivyo uhamisho uliosainiwa kwayo hautasajiliwa. Hati ya uwakilishi hufa pamoja na aliyeitoa, kwa hiyo pia si njia ya kurithisha. Mama mmoja aliuliza kama mwanawe angeendelea kuitumia yeye mama akishafariki, na jibu likawa hapana.

Swali la pili kwa uzito lilikuwa la upekuzi. Unapeleka ombi ofisi ya ardhi ya mkoa kiwanja kilipo, ukiwa na namba ya hati au namba ya kiwanja, kitalu na eneo, unalipa ada, na unapewa majibu kwa maandishi: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna zuio lililowekwa na mtu au hakuna. Ni karatasi moja, na inawaokoa wengi. Ila Mzee mpima alituonya juu ya kikomo chake. Daftari linaonyesha kilichosajiliwa tu. Kiwanja chenye ofa pekee, ambacho hati yake haijatoka, upekuzi unaweza usikuonyeshe lolote, na mtu akadhani "hakuna tatizo" wakati maana yake ni "hakuna rekodi." Kwa kiwanja cha namna hiyo inabidi mtu aende idara ya ardhi ya halmashauri, faili lenyewe lifunguliwe, jina lililo kwenye ofa lilinganishwe na la muuzaji, na ionekane kama kodi ya pango la ardhi imekuwa ikilipwa na kwa jina la nani.

Hapo Mzee akatuwekea ramani ya upimaji kwenye skrini na kutuonyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kila pembe ya kiwanja kilichopimwa ina bikoni, lile jiwe la mpaka lenye namba, na namba hizo zimo kwenye ramani pamoja na majiranukta yake. Unaweza kuwa na ofa halali, upekuzi safi, muuzaji wa kweli, na bado ukaonyeshwa ardhi isiyo hiyo, kwa sababu dalali alisimama kiwanja cha tatu kutoka kile kilicho kwenye karatasi. Dawa yake ni kumlipa mpima aliyesajiliwa aende na kifaa chake, asome pembe zote, na athibitishe kwa maandishi kwamba ndipo penyewe. Mwambie apige picha za bikoni namba zikisomeka. Kama bikoni moja haionekani, irudishwe kabla ya malipo ya mwisho, maana ukuta wa jirani ukishasimama hapo unaanza mgogoro wa miaka.

Kuna jambo jingine ambalo lilipita haraka, nami nataka lisipotee. Muuzaji akikuambia kiwanja ni cha marehemu baba, si lazima yeye awe na uwezo wa kukiuza, hata kama ni mtoto wa kwanza na ukoo mzima umekaa kikao. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama; kwa Mahakama ya Mwanzo uteuzi huo uko kwenye fomu namba 4. Iombwe, na namba ya shauri ihakikiwe mahakamani. Na kama muuzaji ana mwenza, mwenza asaini ridhaa.

Kuhusu ile asilimia 10 ambayo baadhi ya serikali za mitaa huomba kwa kushuhudia mauziano, wakili alijibu kwa kifupi kwamba hakuna sheria inayoitoza. Mwenyekiti wa mtaa anafaa sana kama shahidi anayewajua majirani, lakini muhuri wake hauhamishi umiliki. Kwa kiwanja kilichosajiliwa, umiliki unahama pale fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, zinapokamilika, kodi na ushuru kulipwa, na Msajili kuandika jina jipya kwenye daftari. Ardhi ya kijiji ina njia yake, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno. Waandaaji wameahidi kuiwekea siku yake.

Wale mlioniandikia kwamba tayari mna kiwanja kwa jina la ndugu aliye hai na mwenye moyo safi, wakili amewajibu: zungumzeni naye sasa, mkiwa mnapendana, na mfanye uhamisho rasmi. Wakati mnasubiri, aandike tamko la kiapo mbele ya wakili kwamba pesa ni zako na kiwanja ni chako, na mkewe au mumewe alione. Ikiwa mazungumzo yameshakwama, mwenye maslahi anaweza kuomba zuio liandikwe kwenye daftari ili kiwanja kisiuzwe kabla ya kusikilizwa. Na aliyewahi kusaini hati ya uwakilishi ya jumla, hata kama aliyempa hajawahi kuitumia, aandike hati ya kuifuta, aisajili palepale ilikosajiliwa ile ya kwanza, na ampelekee nakala yule aliyempa. Tafadhali msisubiri likizo ya Desemba kwa hili la mwisho. Linaanzia ubalozini.