Maziwa ya Kiwanja: nyumbani elfu moja au koperative mia saba?

Mwenye ng'ombe wawili Kiwanja akisikia jirani analipa franka 1,000 kwa lita, na koperative inatoa 700, anakimbilia kwa jirani. Asikimbie kabla ya kupiga hesabu. Bei hizi ni za mfano, weka zako.

Tuseme una lita 12 kwa siku. Ukizungusha nyumba kwa nyumba, unatarajia 12,000. Lakini kila mteja anataka matabishi, na vijiko hivyo vikijumlishwa vinafika nusu lita. Lita mbili hazipati mnunuzi, zinaganda, unaziuza 500 kila moja. Lita moja inakopwa na hailipwi. Kijana wa kubeba anachukua 1,500. Unabaki na 8,000.

Koperative: lita 12 kwa 700 ni 8,400. Toa pikipiki 1,000 na makato ya franka 20 kwa lita, yaani 240. Unabaki na 7,160.

Kwa hiyo ile tofauti ya 300 kwa lita imeyeyuka. Imebaki 840 kwa siku nzima ya kupiga hodi na kudai madeni. Kama jasho hilo kwako lina thamani ya 2,000, basi bei ya nyumbani isishuke chini ya 1,150. Mteja akikataa, mpunguzie matabishi kabla ya kupunguza bei.

Koperative nayo ina mtego wake: kukataliwa. Mpokeaji huchanganya maziwa na alkoholi kwa kipimo sawa. Yakifanya chembechembe, bidoni lote linarudi. Hasara ya mara moja kwa mwezi, 8,400, ni sawa na 280 kila siku, na faida yako inazidi kupungua. Sababu kubwa ni maziwa ya jioni yaliyolala bila baridi kisha yakamiminwa juu ya yale ya asubuhi. Usiyachanganye kamwe. Bidoni la plastiki lenye mikwaruzo ndani nalo linaficha uchachu hata likioshwa. La alumini ni ghali, lakini linasafishika na linadumu miaka.

Uliza pia koperative inapima kwa kifaa gani. Lita moja ya maziwa ina uzito wa karibu kilo 1.03. Wakipima kwa mizani na kulipa kila kilo kama lita, lita zako 12 zinasomeka 12.36, na faida ni yako. Wakipima kwa ndoo, subiri povu litulie mbele ya macho yako. Na uliza siku ya malipo: pesa ya baada ya wiki mbili hainunui chumvi ya ng'ombe leo.

Kwa mwenye pesa kidogo, mimi ningegawa: ya asubuhi koperative, ya jioni kwa nyumba chache za karibu zinazolipa taslimu, kwa 1,150. Anayekopa mara ya pili bila kulipa ya kwanza, lita yake apewe mwingine.