Miaka ya Ibn Batuta: Namna ya Kuandika Wasifu bila ya Kusema Tusichokijua

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye watoto wawili wanaosoma shule mbalimbali, alitujia jioni baada ya Isha akiwa na madaftari mawili mkononi, na uso wake hauna furaha. Mwana wake wa kiume na binti yake walikuwa wamepewa na walimu wao kazi ya namna moja: kuandika insha ya wasifu wa msafiri aliyefika pwani yetu. Wote wawili wakamchagua Ibn Batuta. Lakini mmoja ameandika kwamba aliondoka kwao akiwa na umri wa miaka 21, na mwingine 22. Mmoja amesema alifariki mwaka 1377, na mwingine 1369. Jambo moja tu ndilo waliloafikiana, nalo ni kwamba alifika Kilwa mwaka 1331.

"Maalim," akatuuliza mzee, "katika watoto wangu hawa, ni yupi aliyeandika uwongo?"

Tukamwambia kwamba hakuna aliyeandika uwongo. Kosa lao ni jingine: hakuna hata mmoja aliyeeleza habari yake ameitoa wapi. Tukaketi na watoto wale, tukayachukua mambo yale moja baada ya moja. Yaliyodhihiri usiku ule twaona yafaa kuwafikia wasomaji wetu, kwani kila nyumba yenye mwanafunzi itakutana nayo.

Tuanze na kuzaliwa. Mtu aweza kuuliza: nani ajuaye siku aliyozaliwa mtoto wa Tanja, huko Moroko, miaka mia saba iliyopita? Jawabu lake limo katika kitabu chenyewe cha safari zake, kiitwacho Rihla. Ibn Batuta hakukiandika kwa mkono wake. Alikisimulia, kwa amri ya Sultani wa Fas, na mwandishi aitwaye Ibn Juzay akaandika. Masimulizi yakamalizika mwishoni mwa mwaka 1355. Huyu Ibn Juzay ameweka mahali pamoja maneno yake mwenyewe, kwamba Ibn Batuta alimwambia walipokuwa mjini Gharnata kuwa amezaliwa Tanja, siku ya Jumatatu, tarehe 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijra, yaani Februari 1304.

Hapa pana habari iliyo imara. Msemaji ni mwenyewe, aliyeisikia twamjua, na mahali aliposikia pametajwa. Kwa hiyo mwanafunzi na aandike, "Alizaliwa Tanja tarehe 17 Rajabu 703," kisha aseme ni kwa mapokezi ya Ibn Juzay. Wala hapana haja ya kuongeza "inasemekana" au "huenda." Neno la shaka likitiwa mahali pasipo na shaka humdanganya msomaji sawasawa na neno la yakini lililotiwa mahali penye shaka.

Sasa umri wake alipoondoka. Rihla yasema alitoka Tanja siku ya Alhamisi, tarehe 2 Rajabu mwaka 725, naye ana miaka 22. Binti ameandika 22, basi amefuata kitabu. Kijana ameandika 21. Je, amekosea? Tulimpa karatasi tukamwambia ahesabu. Tarehe ile ya 725 ni sawa na 14 Juni 1325. Toka Februari 1304 hadi Juni 1325 ni miaka 21 na miezi mitatu na zaidi. Naye amesema kweli!

Sababu ni kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kwa miaka 22 upungufu huo hukusanyika hata ukawa siku 242, yaani karibu miezi minane. Ukiiongeza miezi minane juu ya miaka 21 na miezi mitatu na zaidi, wapata miaka 22 kasoro siku chache. Watoto wale wamepima kitu kimoja kwa vipimo viwili, na hakuna aliyetaja kipimo chake. Lau kila mmoja angaliandika "kwa hesabu ya Hijra" au "kwa hesabu ya Miladi," mzee asingalisumbuka kututafuta usiku.

Tukafika kwenye kufa kwake, na hapo ndipo palipo na shaka ya kweli. Kitabu cha safari hakiwezi kutusaidia, maana mtu hasimulii kifo chake. Yatubidi tutafute nje. Mwanachuoni mkubwa Ibn Hajar al-Askalani, katika kamusi yake ya wasifu wa watu wa karne ya nane ya Hijra iitwayo Ad-Durar al-Kamina, amemtaja Ibn Batuta, na amepokea kwa Ibn Marzuk kwamba aliishi hata mwaka 770, akafa akiwa kadhi katika mji fulani. Mji wenyewe haukutajwa jina, wala siku, wala mwezi. Na yafaa tukumbuke kwamba Ibn Hajar mwenyewe alizaliwa mwaka 773, yaani baada ya mwaka huo. Hakuona, bali amepokea kwa mwenziwe, naye akasema amepokea kwa nani. Kwa upande wa pili, wako waandishi wanaotaja mwaka 779.

Sasa tazameni namna miaka hii inavyogeuka iingiapo katika vitabu vya shule. Mwaka 770 wa Hijra ulianza Agosti 1368 ukamalizika Agosti 1369. Kwa kuwa mwezi wa kufa haukutajwa, hatuwezi kujua ni upande gani wa mwaka huo. Ndiyo sababu mwandishi mwangalifu huandika "1368 au 1369," au "1368/9." Alama ile ya mkwaju si pambo la mpiga chapa, maana yake ni kwamba mwaka mmoja wa Hijra umegusa miaka miwili ya Miladi. Binti alipoandika "1369" peke yake alitupa nusu ya habari bila ya kujua. Na kijana alipoandika "1377," aliuchukua ule mwaka 779, ambao ulianza Mei 1377 na kwendelea hata 1378, akaunakili kama kwamba hakuna kauli nyingine.

Je, mwanafunzi afanyeje? Si lazima achague mmoja kwa kubahatisha, wala si lazima aache nafasi tupu. Aandike kauli zote mbili, ataje ipi ina msemaji anayejulikana, kisha aseme ameipa nguvu ipi na kwa nini. Sisi tuliwaambia watoto wale kwamba twaegemea 770, kwa kuwa mlolongo wa wapokezi wake waonekana: Ibn Hajar kwa Ibn Marzuk. Lakini kuegemea si kukata shauri, na insha lazima ionyeshe tofauti hiyo.

Likabaki lile jambo waliloafikiana, kufika Kilwa mwaka 1331. Mzee alifurahi kuona walau hapo wanawe wamekuwa kitu kimoja. Ikatubidi tumwambie kwamba hapo ndipo pahitajipo uangalifu zaidi, kwani Rihla haikutaja mwaka aliofika Kilwa!

Basi 1331 umetoka wapi? Umehesabiwa na wanachuoni. Ibn Batuta asema alikaa Makka, akahiji mwaka 730, kisha akasafiri. Hija ya mwaka ule ilikuwa Septemba 1330. Baada yake alipita Yemeni hata Adeni, akapanda jahazi kuja Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba majahazi ya Arabuni yalikuwa yakija kwetu kwa upepo wa Kaskazi, kuanzia Desemba hata Machi. Kwa hiyo mwanzo wa 1331 wafaa sana.

Lakini pana mushkili. Msafiri huyo huyo asema kwamba baada ya hapo alirudi kuhiji mwaka 732, ambao ni 1332, na kwamba alifika mto wa Sindi, mlangoni mwa Bara Hindi, tarehe 1 Muharamu 734, yaani Septemba 1333. Kati ya tarehe hizi mbili ni mwaka mmoja tu, na ndani yake ataka tuingize safari ya Uturuki, Krimia, Konstantinopoli, Bukhara na milima ya Afuganistani. Haiingii! Lazima tarehe mojawapo imekosewa, na si ajabu kwa mtu anayesimulia safari za miaka karibu 30. Ndiyo maana baadhi ya wanachuoni wamezirudisha nyuma safari za pwani yetu kwa miaka miwili, hata 1329, ijapokuwa wengi hushika 1331. Watoto wameafikiana kwa sababu vitabu vyao vimenakiliana. Mashahidi kumi waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja tu.

Kabla ya kuagana, kijana alituuliza: "Basi niandike katika marejeo kwamba nimesoma Ibn Hajar?" Tukamwambia, la. Yeye hakukifungua kitabu cha Ibn Hajar; amesikia kwetu. Mwenye kusoma kauli ya Ibn Hajar ndani ya kitabu kingine na aseme, "Ibn Hajar, kama alivyotajwa katika kitabu fulani, ukurasa fulani." Akiandika kana kwamba amekisoma, na kile kitabu cha kati kikiwa kimenakili vibaya, kosa la mwingine litakuwa lake, wala hatakuwa na njia ya kulijua. Wala asiandike "wataalamu wanasema" pasi na kutaja hata mmoja, maana mwalimu hawezi kwenda kuwauliza watu wasio na majina.

Watoto wakaandika upya, na aya aliyotusomea binti ilikuwa hivi:

"Ibn Batuta alizaliwa Tanja tarehe 17 Rajabu 703 (Februari 1304), kama alivyomwambia mwandishi wake Ibn Juzay. Aliondoka kwao mwaka 725 (1325), akiwa na miaka 22 kwa hesabu ya Hijra, 21 kwa Miladi. Alifika Kilwa, kitabu chake hakitaji mwaka, na wengi wanaukadiria kuwa 1331, wengine 1329. Ibn Hajar amepokea kwamba aliishi hata mwaka 770 (1368 au 1369). Wengine wametaja 779. Nimeifuata kauli ya kwanza kwa kuwa mpokezi wake ametajwa."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mwalimu hatampunguzia mtoto alama kwa kuwa hakukata shauri juu ya Kilwa. Tukamjibu kwamba mwalimu akiuliza, binti anayo ya kumjibu, na aliyeandika "1331" peke yake hana. Wazee wetu waliotuhifadhia elimu walikuwa wakisema fulani amepokea kwa fulani, na walipofika ukingoni mwa wanayoyajua walisema "Allahu aalamu" bila ya kuona haya. Kisha mzee akachukua madaftari yake, akawatangulia wanawe kwenda nyumbani.