Wiki Sita za Kudurusu Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa Kidato cha Nne

Mtihani wa taifa wa Elimu ya Dini ya Kiislamu wa kidato cha nne nchini Tanzania hufanyika mwezi Novemba, huchukua saa tatu, na huandikwa kwa Kiswahili. Una sehemu ya kuchagua na kuoanisha, sehemu ya majibu mafupi na sehemu ya insha. Mwanafunzi anayetaka wiki sita kamili za marejeo huanza mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Kwa kuwa Hisabati, Biolojia na mengine yanamngoja, saa moja na nusu kwa siku ndicho kiasi anachoweza kukidumisha.

Ugumu wa somo hili ni kwamba wengi hudhani wanalijua. Aliyepita madrasa tangu utotoni anaswali bila kufikiri, lakini akiulizwa atenganishe sharti za swala na nguzo zake huanza kuchanganya. Udhu na kuelekea kibla ni sharti, maana hutangulia swala na kuendelea nayo. Takbira ya kuhirimia, kusoma Fatiha, rukuu na sijda ni nguzo, kwa kuwa ni sehemu ya swala yenyewe. Dua ya kufungulia swala ni sunna. Mwenye kuyapitia haya kwa macho daftarini huona kila mstari ameuzoea, akafunua ukurasa unaofuata. Pengo hujitokeza daftari likiwa limefungwa na karatasi iko tupu.

Kwa sababu hiyo kila kipindi huanza kwa kuandika, siyo kusoma. Dakika kumi za kwanza mwanafunzi huandika kwa kichwa yale aliyosoma jana. Dakika hamsini zinazofuata ni za mada ya siku. Nusu saa iliyobaki hujibu maswali mawili au matatu ya mada hiyo bila kutazama popote, kisha hufungua kitabu na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kila alichokosea huingia kwenye daftari dogo la makosa kama swali, bila jibu lake. Jumatatu hadi Alhamisi ni siku za mada mpya. Ijumaa ni ya daftari la makosa. Jumamosi ni ya jaribio la wiki nzima. Jumapili hakuna somo hili.

Mpango mwingi wa marejeo hufuata mfuatano wa vitabu, ukianza na mada za kidato cha kwanza. Hapo ndipo mirathi huangukia wiki ya mwisho, wakati ambapo haiwezi tena kurudiwa. Ni afadhali mada zinazohitaji hesabu zitangulie, zipate wiki tano za kurudiwa kidogo kidogo, na mada za masimulizi zifuate baadaye.

Wiki ya kwanza, basi, ni ya familia na mirathi. Jumatatu ni ndoa: nguzo zake, mahari, na wanawake walioharamishwa kuolewa. Jumanne ni talaka na eda. Eda huulizwa kwa visa, hivyo aina zake zijulikane mojamoja. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Aliyeachwa naye ni mwenye hedhi hukaa kwa hesabu ya tohara tatu. Aliyekoma hedhi hukaa miezi mitatu. Mwenye mimba hungoja hadi ajifungue. Na aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda. Jumatano na Alhamisi zote mbili ni za mirathi.

Swali la mirathi lenye kufaa kwa jaribio la Jumamosi ni kama hili. Mtu amefariki akaacha mali ya shilingi 33,000,000. Mazishi yamegharimu 1,000,000, anadaiwa 2,000,000, na ameusia 6,000,000 kwa msikiti. Ameacha mke, baba, mama, mtoto wa kiume mmoja, mabinti wawili na kaka yake wa baba na mama. Kila mmoja apate ngapi?

Kabla ya mrithi yeyote kutajwa, gharama za mazishi na deni hutolewa, zikabaki 30,000,000. Wasia hupimwa kwa kiasi hicho: usizidi theluthi yake, yaani 10,000,000, na usiwe kwa mrithi. Shilingi 6,000,000 za msikiti zinapita, na kinachogawiwa ni 24,000,000. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, hupata thumuni moja, yaani 3,000,000. Baba na mama kila mmoja hupata sudusi, yaani 4,000,000. Zinabaki 13,000,000 za watoto, na mwanamume hupata mafungu mawili kwa fungu moja la mwanamke. Mafungu ni manne, kila fungu 3,250,000: kijana anachukua 6,500,000 na kila binti 3,250,000. Kaka hapati kitu, amezuiliwa na mtoto wa kiume na pia na baba. Dalili ni Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12.

Makosa ya hapa hujirudia. Wapo wanaotoa thumuni ya mke kwenye 33,000,000 nzima. Wapo wanaompa kaka fungu kwa sababu ametajwa kwenye swali, wasijue kwamba ametajwa ili waonekane kama wanajua nani humzuia nani. Njia ya kujikagua ni kujumlisha: mafungu yote yakiwekwa pamoja yarudi 24,000,000 kamili. Baada ya wiki hii, kila Ijumaa swali moja la mirathi lenye warithi tofauti huwekwa kwenye kipindi hadi mtihani ufike. Leo marehemu ni mwanamke aliyeacha mume na binti mmoja, wiki ijayo ni mtu asiye na mtoto.

Wiki ya pili ni ya ibada: swala Jumatatu, zaka Jumanne na Jumatano, funga na hija Alhamisi. Zaka ndiyo iliyopewa siku mbili kwa sababu kila aina ya mali ina nisabu yake na kiwango chake. Mfugaji mwenye mbuzi 130 hutoa mbuzi wawili, kwa kuwa 40 hadi 120 hutolewa mmoja na 121 hadi 200 wawili. Mwenye ng'ombe 30 hutoa ndama wa mwaka mmoja. Mkulima aliyevuna kilo 2,000 za mpunga kwa mvua hutoa kilo 200. Kama amemwagilia kwa gharama zake, hutoa kilo 100. Dhahabu na fedha, zikifika nisabu na kutimiza mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Mazao hayangoji mwaka, hutolewa siku ya kuvunwa, na hiyo ni tofauti inayosahaulika sana. Makundi manane ya wanaostahiki zaka, yaliyo katika Sura At-Tawba aya ya 60, yaandikwe kwa kichwa kila asubuhi ya wiki hii hadi yasikosekane hata moja.

Wiki ya tatu huchukua imani, Qur'an na Sunna. Nguzo sita za imani zinaweza kumalizwa kwa siku moja. Siku mbili ni za Qur'an: kushuka kwake, tofauti ya sura za Makka na za Madina, na kukusanywa kwake. Kwenye kukusanywa, watahiniwa huchanganya kazi mbili. Wakati wa Abu Bakr, baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, Zaid bin Thabit alikusanya Qur'an yote mahali pamoja. Wakati wa Uthman, nakala zilitolewa kwenye msahafu uliokuwa kwa Hafsa zikapelekwa mijini, ili kumaliza hitilafu za usomaji. Anayeweza kueleza sababu ya kila kazi hachanganyi tena. Alhamisi ni ya hadithi: isnadi, matini, na daraja za sahihi, hasan na dhaifu.

Wiki ya nne ni ya sira ya Mtume (s.a.w.), na hapa kumbukumbu hubebwa na chanzo na matokeo kuliko na tarehe. Jumatatu ni Makka hadi Hijra ya 622, Jumanne ni Badri mwaka wa 2 Hijria na Uhudi mwaka wa 3, Jumatano ni Khandaki mwaka wa 5 na Hudaibiya mwaka wa 6, Alhamisi ni Fat'hi Makka mwaka wa 8 hadi kufariki kwa Mtume mwaka wa 11. Jaribio zuri ni kuchukua tukio moja na kulifuata mbele. Mkataba wa Hudaibiya ulisimamisha vita kwa miaka kumi, ukawarudisha Waislamu mwaka ule bila kufanya umra, ukataka Mmakka anayekimbilia Madina bila idhini ya walii wake arudishwe, na ukayaacha makabila yajiunge na upande yanaoutaka. Banu Bakr walijiunga na Makureshi, Khuzaa wakajiunga na Waislamu. Banu Bakr walipowashambulia Khuzaa kwa msaada wa Makureshi, mkataba ukavunjika, na Makka ikafunguliwa. Mwanafunzi anayeweza kuusimulia mlolongo huo kwa sentensi sita ana insha nzima mkononi.

Wiki ya tano ina mada mpya kwa siku mbili tu: makhalifa wanne kuanzia mwaka 632 hadi 661, mambo waliyoyafanya na fitina zilizofuata. Jumatano na Alhamisi ni za daftari la makosa, ambalo kufikia sasa ndilo muhtasari wa kweli wa mwanafunzi huyo. Swali lililojibiwa sawasawa katika Ijumaa mbili tofauti hufutwa, lililokosewa hubaki.

Wiki ya sita ni ya mitihani iliyopita, mitatu, siku moja kuandika na siku inayofuata kusahihisha. Huandikwa kwa saa tatu mfululizo, simu ikiwa mbali, na kila insha ipewe kama robo tatu ya saa. Kusahihisha ndiko kugumu, maana mwandishi hujionea huruma. Msaada ni kubadilishana karatasi na mwenzake, na kila hoja kupimwa kwa mambo matatu: imetajwa wazi, imeelezwa, ina dalili au mfano. Hoja iliyotajwa bila kuelezwa ihesabiwe nusu. Aya ya mawaidha isiyojibu swali isihesabiwe kabisa. Swali likidai athari za mkataba wa Hudaibiya, aya nzuri kuhusu subira ya Mtume haina alama, hata ikiwa kila neno lake ni kweli. Dalili isiyokumbukwa vizuri iandikwe kwa maana yake na jina la sura, bila kubuni namba ya aya. Siku ya kuamkia mtihani hubaki na daftari la makosa peke yake, swali moja la mirathi, na kulala mapema.