Sekunde Nane za Mama wa Duka

"Programu yenu siku hizi nzito sana. Inanichosha."

Malalamiko ya namna hii hupokelewa kila siku na watu wanaotengeneza programu za simu, na mengi hufa mikononi mwao. Si kwamba hawajali. Fundi akiisoma sentensi hiyo haoni pa kushika: ni kitufe gani, simu gani, tangu lini, na uzito huo ni wa sekunde mbili au dakika mbili? Nitaeleza jinsi lalamiko hili linavyogeuzwa kuwa kasoro ambayo mtu yeyote anaweza kuiona kwa macho yake na kuipima. Kisa nimekitunga ili tukifuate hatua kwa hatua, ila kila kipande chake ni cha kawaida katika kazi hii.

Mlalamikaji ni mama mwenye duka la jumla. Anatumia programu ya kuandika mauzo na madeni, ile ambayo muuzaji huandika nani kachukua nini na bado anadaiwa kiasi gani. Ameitumia kwa miaka 2.

Jibu la haraka ambalo huduma kwa wateja wamezoea kutoa ni "futa programu, uipakue upya". Mimi naliona jibu hili kuwa baya kuliko kunyamaza. Kwanza, kama kuna mauzo ambayo hayajafika kwenye seva, yanapotea. Pili, linafuta ushahidi. Programu ikipakuliwa upya huanza na kumbukumbu chache, kwa hiyo inakuwa nyepesi kwa muda, mama anashukuru, lalamiko linafungwa. Kumbukumbu zake zote zikisharudi kwenye simu, uzito nao unarudi, na safari hii hataandika tena. Atahamia kwenye daftari la karatasi.

Kinachofaa ni kumpigia simu na kumwuliza kuhusu vitendo. Ukimwuliza kama programu ni nzito sana au nzito kiasi, atakupa hisia nyingine tu.

"Shikamoo mama. Hebu niambie, unabonyeza wapi, halafu unasubiri nini kitokee?"

"Marahaba mwanangu. Nabonyeza pale kwenye Madeni. Inazunguka weee, mteja kasimama mbele yangu, ndiyo majina yanakuja."

"Kila ukibonyeza, au mara moja moja?"

"Kila saa. Zamani haikuwa hivi. Imeanza taratibu, inazidi."

Maneno hayo machache yametoa mambo matatu yenye thamani kubwa. Tunajua saa inaanza wapi, kidole kinapogusa Madeni, na inaishia wapi, majina yanapoonekana. Tunajua linatokea kila mara. Na tunajua limekua polepole, jambo linalotuelekeza kwenye kitu kinachoongezeka siku hadi siku. Kama lingeanza ghafla Jumanne, tungeangalia kwanza kama kulikuwa na toleo jipya wiki hiyo.

Sasa aombwe video. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 11 zina kirekodi cha skrini ndani yake, na kina sehemu ya kuwasha ili kila mguso uonekane kama kidoti. Mama anarekodi, anatuma kwa WhatsApp, na fundi anaisogeza video polepole: kidoti kinatokea kwenye sekunde ya 3, majina yanatokea kwenye sekunde ya 12. Ni takriban sekunde 9. Namba hiyo haijawa kipimo rasmi, kwa sababu kurekodi kwenyewe kunaipa simu kazi ya ziada. Lakini imeshaondoa ubishi wa kama mteja anatia chumvi.

Ombi la mwisho kwa mama ni moja, na ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji ujuzi wowote: awashe hali ya ndegeni, kisha abonyeze Madeni tena. Anajibu kwamba ni vilevile. Basi mtandao umeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Ofisi ngapi zimemwambia mteja "ni bando lako hilo" bila kufanya jaribio hili la nusu dakika!

Kazi inahamia mezani kwa fundi. Anachukua simu yake, anabonyeza Madeni, majina yanakuja kabla hajapepesa. Hapa ndipo wengi huandika "kwetu inafanya kazi" na kufunga. Lakini tofauti kati ya simu yake na ya mama ndiyo mahali kasoro ilipojificha, na kazi ni kuipunguza tofauti hiyo kitu kimoja baada ya kingine. Akibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hatajua ni kipi kilichofanya kazi.

Anatafuta simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ya GB 2 kama ya mama, anaweka toleo lilelile la programu. Muda unapanda kutoka sekunde 0.2 hadi 0.4. Simu dhaifu inachangia, lakini haifiki sekunde 9. Kinachobaki ni vilivyomo ndani ya simu. Simu ya fundi ina wateja 12 wa kubuni na mauzo 400 aliyoyaingiza siku ya majaribio. Mama ana wateja 600, na akiandika mauzo kama 55 kwa siku kwa miaka 2, amekusanya takriban mauzo 40,000. Hakuna haja ya kumwomba kitabu chake. Majina na madeni ya wateja wake si mali ya fundi. Anatengeneza kitabu cha uongo chenye idadi hizohizo, anakiingiza kwenye ile simu ya bei nafuu, anawasha hali ya ndegeni, anabonyeza. Gurudumu linazunguka. Sekunde 8.

Anapunguza mauzo hadi 20,000 huku wateja wakibaki 600: sekunde 4. Mauzo 10,000: sekunde 2. Mauzo yakipungua nusu, muda nao unapungua nusu. Sasa fundi anaweza kuiita kasoro na kuifukuza apendavyo, na yeyote wa timu yake akipewa kitabu kilekile ataiona vilevile.

Upimaji wenyewe una mitego. Programu ambayo mafundi huitumia wakati wa kutengeneza hubeba mizigo ya uchunguzi na huenda polepole kuliko ile iliyo mikononi mwa wateja, kwa hiyo lazima ipimwe hiyo ya wateja. Simu iliyopata moto au iliyowashwa hali ya kuokoa betri hupunguza kasi. Mbonyezo wa kwanza baada ya kufungua programu huwa mzito kuliko unaofuata, maana baadhi ya data bado haijasomwa. Kwa hiyo programu inazimwa kabisa kabla ya kila jaribio. Na saa isimamishwe majina yanapochorwa kwenye skrini, si pale data inapopatikana, kwa sababu mama hasubiri data, anasubiri majina.

Jaribio lirudiwe mara 10, kisha zitajwe namba ya katikati na ile mbaya kuliko zote. Wastani hudanganya. Majaribio 9 yakichukua sekunde 1 na moja likachukua 12, wastani ni sekunde 2.1, muda ambao hakuna mtu hata mmoja aliyesubiri.

Baada ya hapo kasoro inaandikwa hivi: simu yenye kumbukumbu ya GB 2, kitabu chenye wateja 600 na mauzo 40,000, hali ya ndegeni imewashwa, programu imezimwa na kufunguliwa upya. Kutoka kugusa Madeni hadi majina kuonekana, mara 10: katikati sekunde 8.1, mbaya kabisa 9.4. Kwa mauzo 400 na wateja 12 kwenye simu hiyohiyo, sekunde 0.4. Inatakiwa isizidi sekunde 1.

Hiyo sekunde 1 haikuokotwa. Mwaka 1993 mtaalamu wa matumizi ya kompyuta Jakob Nielsen aliandika mipaka mitatu iliyojengwa juu ya tafiti za waliomtangulia: chini ya sekunde 0.1 mtu huona jambo limetokea papo hapo, hadi sekunde 1 mawazo yake hayakatiki, na ikipita sekunde 10 huacha na kugeukia kitu kingine. Mama yuko mlangoni pa huo mpaka wa mwisho, na mbele yake kuna mteja anayemwangalia. Bila kikomo kilichoandikwa, fundi angeweza kuishusha hadi sekunde 5 na kutangaza ushindi.

Chanzo sasa kinapatikana kwa urahisi wa kushangaza. Programu inahifadhi kumbukumbu ndani ya simu kwa SQLite, hifadhidata inayokuja na kila simu ya Android. Fundi anaiuliza itafanyaje kazi yake:

```
EXPLAIN QUERY PLAN
SELECT SUM(kiasi) FROM mauzo WHERE mteja_id = 17;
```

Inajibu kwa neno `SCAN`, yaani inasoma jedwali zima la mauzo ili kupata ya mteja mmoja. Ni kama muuzaji mwenye daftari moja lililoandikwa kwa tarehe, ambaye kwa kila mdaiwa analipekua kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wateja 600 mara mauzo 40,000 ni mistari milioni 24 kila mama anapogusa Madeni. Kwa fundi, wateja 12 mara mauzo 400 ni mistari 4,800 tu. Ndiyo maana hakuona kitu.

Tiba ni mstari mmoja wa kujenga faharasa, ili mauzo ya kila mteja yapatikane moja kwa moja:

```
CREATE INDEX idx_mauzo_mteja ON mauzo(mteja_id);
```

Swali lilelile sasa linajibiwa kwa `SEARCH`. Jaribio linarudiwa mara 10 katika hali ileile: katikati sekunde 0.6, mbaya kabisa 0.8. Kile kitabu cha uongo hakitupwi. Kinawekwa kwenye majaribio yanayofanyika kila kabla ya toleo jipya kutoka, na ikipita sekunde 1 toleo linazuiwa.

Si kila lalamiko hukubali kurudiwa mezani. Lingine hutokea kwa mteja mmoja, siku moja kwa wiki, na fundi hulitafuta asilione. Hapo ni afadhali kutorekebisha kwa kubahatisha, kwa sababu hutakuwa na namna ya kujua kama umerekebisha. Toleo lijalo liwekewe saa ndani yake, lirekodi kila mguso ulichukua muda gani, aina ya simu na idadi ya kumbukumbu, bila majina wala kiasi cha fedha. Kisha subiri litokee tena.

Mama anaombwa arekodi video nyingine baada ya kupokea toleo jipya. Majina yanakuja mara moja. Lakini anaongeza kwamba asubuhi, anapoifungua programu kwa mara ya kwanza, bado inakaa sana. Kishawishi ni kulirudisha hili kwenye kasoro ileile kwa kuwa aliyelalamika ni yuleyule. Anaombwa kuwasha hali ya ndegeni kesho yake asubuhi kabla ya kuifungua, na anaripoti kwamba imefunguka upesi. Safari hii mtandao ndiye mshukiwa, kwa hiyo inafunguliwa kasoro ya pili yenye namba yake: kutoka kugusa alama ya programu hadi ukurasa wa kwanza kuonekana, mtandao ukiwa umewashwa, saa moja asubuhi.