Punguzo la asilimia 37? Uliza kwanza bei ya miezi iliyopita

Ile bei iliyokatwa mstari kwenye tovuti ya duka, ikiwa juu ya bei mpya yenye rangi nyekundu, huandikwa na muuzaji mwenyewe. Mara nyingine ndiyo bei aliyouzia kweli hadi wiki jana. Mara nyingine ni bei ambayo mtengenezaji amependekeza na hakuna duka linaloitoza. Na mara nyingine imepandishwa majuma machache kabla ya msimu ili ipate kushushwa. Kwa macho huwezi kujua ni ipi kati ya hizo tatu. Kinachotenganisha ni historia ya bei, nayo siku hizi inaweza kutafutwa na mtu yeyote mwenye simu na bando.

Wanaoagiza vitu Amazon kupitia jamaa walio ng'ambo au mawakala wa mizigo ndio wenye kazi rahisi. Ziko tovuti mbili, Keepa na camelcamelcamel.com, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikirekodi bei za Amazon. Unanakili anwani ya ukurasa wa bidhaa, unaibandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na grafu inatokea. Ivute ionyeshe mwaka mzima, kwa sababu grafu ya mwezi mmoja haikuambii kitu. Kisha tazama umbo lake. Punguzo la kweli ni mstari uliolala miezi mingi pahali pamoja, halafu ukashuka chini ya pale ulipozoea. Punguzo la uongo linafanana na kichuguu: mstari umelala, umepanda ghafla wiki tatu au nne kabla ya ofa, kisha umerudi pale pale ulipokuwa. Angalia pia ni mstari wa nani unaousoma. Grafu hizo hutenganisha bei ya Amazon yenyewe, bei ya wauzaji wengine wa vitu vipya, na bei ya vitu vilivyotumika. Ukichanganya mstari wa mtumba na wa kitu kipya, utadhani umeibiwa na kumbe hukuibiwa.

Lakini tovuti hizo mbili ni za Amazon tu. Ukibandika anwani ya duka la Kenya hupati kitu. Kwa maduka yetu mimi hutumia njia nyingine, ambayo haikuundwa kwa ajili ya bei: hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, Wayback Machine, iliyoko web.archive.org. Mashine zake huzunguka mtandaoni zikipiga nakala za kurasa na kuziweka kwa tarehe. Ikiwa ukurasa wa bidhaa yako ulinakiliwa, bei ya siku hiyo imo ndani.

Nieleze kwa mfano. Dada mmoja wa Likoni, muuza juisi na barafu, alinitumia ofa ya friza ya lita 150 mwanzoni mwa Februari mwaka huu, Ramadhani ikikaribia. Bei iliyokatwa ilikuwa shilingi 52,999 na mpya 33,499, na pembeni pameandikwa punguzo la asilimia 37. Ofa ilikuwa inaisha usiku huo, saa ikihesabu kurudi nyuma. Alitaka kuchukua pesa za chama aongezee.

Nilichukua anwani ya ukurasa ule, nikaondoa kila kitu kuanzia alama ya kuuliza kwenda mbele, maana huo mkia ni wa kufuatilia aliyebofya tangazo na hufanya hifadhi isiutambue ukurasa. Nikaibandika. Kalenda ikatokea, na siku zenye nakala zina vidoa. Vilikuwa vitatu tu. Tarehe 12 Septemba 2025 friza ile ile iliuzwa 34,500, bila mstari wala punguzo. Tarehe 28 Novemba, ile Ijumaa ya ofa za mwisho wa mwaka, ilikuwa 31,999, na bei iliyokatwa ni 34,500. Tarehe 6 Januari ilikuwa 33,900. Ile 52,999 haikuonekana katika nakala hata moja.

Sasa tupige hesabu upya. Ukilinganisha 33,499 na bei ya Septemba, punguzo ni shilingi 1,001, yaani karibu asilimia 3. Ukilinganisha na ya Novemba, friza ilikuwa imepanda shilingi 1,500. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba bei yenyewe si mbaya ila haraka ile haina msingi. Alikwenda Mwembe Tayari na namba ya modeli ameiandika kwenye karatasi, akaipata kwa 32,500 baada ya kuvutana.

Namba ya modeli ni jambo la kusisitiza. Friza mbili za lita 150 za kampuni moja zaweza kutofautiana herufi moja mwishoni, na herufi hiyo ikawa ndiyo tofauti ya mota au ya udhamini. Kwenye masoko ya mtandaoni yenye wauzaji wengi, ukurasa mmoja waweza pia kubadilisha muuzaji, na bei ya Septemba ikawa ni ya mtu mwingine kabisa. Soma jina la muuzaji kwenye nakala ya zamani kabla hujamlaumu wa leo. Na ada ya kuleta mzigo hadi Pwani hesabu mbali, kwa sababu punguzo laweza kuwa kweli na nauli ikalimeza.

Hifadhi yenyewe ina mitego. Tovuti nyingi huchota bei kwa programu ndogo baada ya ukurasa kufunguka, kwa hivyo nakala huja na picha ya bidhaa na pahali pa bei ni patupu. Mbaya zaidi, vipande vya ukurasa mmoja vinaweza kuwa vimenakiliwa siku tofauti. Anwani ya nakala hubeba tarehe yake, namna hii:

```
web.archive.org/web/20250912074511/
```

Tarakimu nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku. Zitazame kila unapobofya, kwa kuwa hifadhi ikikosa tarehe uliyoomba hukupeleka kwenye iliyo karibu. Na nakala tatu si grafu. Zaweza kukuonyesha kwamba bei fulani iliwahi kutozwa, lakini haziwezi kuthibitisha kwamba 52,999 haikutozwa hata siku moja katikati.

Hapo ndipo kipimo cha Ulaya kinanifaa. Kule, tangu Mei 2022, duka linalotangaza punguzo lazima litaje bei ya chini kabisa lililotoza katika siku 30 zilizotangulia, na mwaka 2024 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ikasema asilimia nayo ihesabiwe kutoka bei hiyo hiyo. Sheria yetu ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, nawe unaweza kujipimia kwa siku zile 30 bila kungoja mtu. Kwa friza ya Likoni, nakala ya Januari iko ndani ya siku hizo: kutoka 33,900 punguzo ni shilingi 401.

Kurasa nyingi za maduka yetu hazina nakala hata moja. Basi ianze wewe. Kama unajua utanunua friji au simu mwisho wa mwaka, fungua ukurasa wake mwezi wa Septemba, ubandike pale palipoandikwa Save Page Now kwenye web.archive.org, na upige picha ya skrini ionyeshe bei, muuzaji na tarehe. Rudia kila wiki mbili. Kufika Novemba utakuwa na bei tano au sita zako mwenyewe, na atakayetafuta bidhaa hiyo baada yako atakuta vidoa kwenye kalenda.